Methadoni na buprenofini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu dawa zinazoondoa arosto bila kuleta stimu

Maswali haya ni yale ambayo ndugu na wagonjwa huyauliza kila wiki kwenye korido za kliniki, mara nyingi kwa sauti ya chini. Tanzania Bara ilianza kuwatibu watumiaji wa heroini kwa methadoni katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwishoni mwa mwaka 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Pamoja na miaka yote hiyo, swali la kwanza halijabadilika, basi tuanze nalo.

Je, methadoni si unga mwingine tu, ila huu unatolewa na serikali?

Swali hili lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo haifai kufichwa. Methadoni ni dawa ya jamii ya afyuni kama ilivyo heroini. Inashika vipokezi vilevile vya ubongo, na anayeinywa kila siku mwili wake unaendelea kuitegemea. Akiiacha ghafla ataugua. Yanayobadilika ni mambo mawili: kasi ambayo dawa inafika ubongoni, na muda ambao inakaa mwilini. Mtu akisikia kwamba dawa ni za jamii moja, hudhani hayo mawili ni madogo. Kumbe stimu hutokana na hayo mawili, na arosto, yale mateso ya mwili unaokosa dawa, pia hutokana na hayohayo.

Arosto inatoka wapi hasa?

Ubongo unaopokea heroini kila siku hujirekebisha. Kwa kuwa dawa inaupoza, nao hujiongezea moto kwa upande wa pili, ili mtu aweze kupumua, kutembea na kuamka. Baada ya miezi kadhaa, mizani hiyo inakaa sawa pale tu dawa inapokuwepo. Dawa ikiondoka, ule moto wa ziada unabaki peke yake bila cha kuupoza: pua zinatiririka, miayo haikomi, vinyweleo vinasimama kama vya kuku aliyenyonyolewa, tumbo linasokota na kuhara, mifupa inauma, usingizi unakimbia. Kwa mtumiaji wa heroini hali hii huanza takriban saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho.

Ukimtazama kwa siku nzima mtu aliyefika hapo, utaona kwamba anaishi ndani ya wimbi. Anavuta au anajidunga, anapaa kwa dakika chache, anatulia kwa saa chache, kisha anaanza kushuka, na kabla hajafika chini kabisa inabidi awe ameshapata hela ya kete nyingine. Walio wengi wakiwa wamekwishafika miaka kadhaa watakuambia wazi kwamba hawatafuti stimu tena; wanaikimbia arosto.

Ikiwa zote ni za jamii moja, kwa nini methadoni haimlevyi mtu kama heroini?

Ubongo hausikii sana kiasi cha dawa kilichopo. Unachosikia ni jinsi kiasi hicho kinavyopanda. Heroini iliyovutwa au kudungwa inafika ubongoni ndani ya sekunde, na mruko huo wa ghafla ndio mtu anaouita stimu. Methadoni inayotolewa kliniki ni ya maji, inanywewa kwa mdomo, inapita tumboni na kwenye ini kwanza, na kiwango chake katika damu hupanda taratibu mpaka kufika kilele baada ya saa 2 hadi 4. Mtu hawezi kuutambua mpando wa namna hiyo, kama vile asivyoweza kuona maji ya bahari yanavyojaa akiwa amekaa ufukweni, ingawa baada ya saa kadhaa mtumbwi uliokuwa mchangani unaelea.

Jambo la pili ni muda. Nguvu ya heroini inaisha ndani ya saa chache, lakini methadoni hupungua kwa nusu kwa takriban siku moja hivi. Wengine huchukua muda mfupi zaidi, wengine zaidi ya siku mbili. Kwa hiyo mgonjwa anayekunywa kila asubuhi anakuta dawa ya jana bado imo mwilini. Kiwango hakishuki kamwe hadi pale arosto inapoanzia, wala hakirukii juu pale stimu inapoanzia.

La tatu ni ustahimilivu. Mwili uliozoea heroini kwa miaka haushtushwi na dozi iliyopangwa vizuri ya methadoni. Miligramu 80 ambazo mgonjwa mmoja anazinywa na kwenda kazini kupaka rangi nyumba zinaweza kumuua jirani yake ambaye hajawahi kugusa afyuni. Ndiyo maana dawa hii hainyweshwi kwa kukisia, na ndiyo maana mfamasia humsubiri mgonjwa ameze mbele yake, anywe maji, kisha aseme neno moja au mawili. Wagonjwa wapya huona kusemeshwa huko ni kudharauliwa, lakini mfamasia anahakikisha tu kwamba dawa haikubaki mdomoni ikaenda kutemwa na kuuzwa nje ya geti.

Kwa nini wanaanza na dozi ndogo wakati mtu anateseka?

Hapa ndipo ndugu wengi hukasirika, kwa hiyo inafaa kuhesabu pamoja. Tuchukue mgonjwa wa mfano: mwanamume wa miaka 29, amejidunga heroini kwa miaka 8, mara tatu au nne kwa siku. Anafika saa tatu asubuhi akiwa na arosto, anapimwa, anapewa miligramu 30. Kwa kawaida dozi ya kwanza haizidi hapo, hata kwa mtu anayeapa kwamba alikuwa anatumia kete 10.

Mchana anapata nafuu. Usiku wa manane mifupa inaanza tena, naye anaamini kwamba dawa imeshindwa. Tuchukulie kwamba methadoni yake inapungua kwa nusu kila siku. Asubuhi ya pili zimebaki miligramu 15, anakunywa 30 nyingine, sasa anazo 45. Asubuhi ya tatu zimebaki 22 na nusu, anaongeza 30, zinakuwa karibu 53. Siku ya nne ni 56, siku ya tano ni 58, na kuanzia hapo zinakaribia 60 bila kuzidi. Dozi haijabadilika hata kidogo, lakini kilichomo mwilini kimekaribia kuongezeka maradufu.

Sasa fikiria daktari mwenye huruma aliyemwongezea dozi siku ya pili, na tena siku ya tatu, kwa sababu mgonjwa alilia. Kwenye karatasi dozi inaonekana ya kawaida, ila mwilini inajirundika, na usiku wa siku ya nne au ya tano mgonjwa analala na kupumua kunapungua hadi kukoma. Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari kuliko zote katika matibabu ya methadoni, na sababu yake ni hesabu hii. Mgonjwa aliyeongezea vidonge vya valiamu au pombe ili avumilie usiku huifanya hatari iwe kubwa zaidi.

Kwa hiyo mgonjwa wetu anaachwa na 30 kwa siku kama 5, anatazamwa saa 3 baada ya kunywa na tena asubuhi kabla ya kunywa, kisha anaongezwa miligramu 10, anasubiri tena siku 5. Kwa mwendo huo anafika 80 baada ya karibu wiki nne. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku.

Tutajuaje kwamba dozi imefika mahali pake?

Angalia nyakati mbili. Asubuhi, kabla ya kunywa, mgonjwa asiwe na kamasi, miayo wala mboni zilizotanuka; akiwa nazo, dozi haijafikia saa 24. Kisha angalia saa 2 hadi 4 baada ya kunywa, wakati wa kilele. Mgonjwa asiwe anasinzia akiwa ameshika kikombe cha chai, wala mboni zisiwe ncha ya sindano. Akiwa hivyo, dozi imezidi au kuna kitu kingine amechanganya. Dozi sahihi haionekani usoni. Mama mmoja alimweleza muuguzi kwa namna ambayo sijaisahau: alijua mwanawe amepona pale alipoanza kulalamika kwamba chumvi haijatosha kwenye mchuzi.

Dozi ndogo mno nayo ina madhara, ingawa wengi huiona ni ya uungwana. Mgonjwa aliyewekwa kwenye miligramu 40 kwa sababu familia inaona aibu na “dawa nyingi” mara nyingi huwa anajazia jioni kwa kete.

Buprenofini inatofautiana vipi na methadoni?

Methadoni inakiwasha kipokezi kikamilifu. Inachokosa ni kasi. Buprenofini inakiwasha nusunusu, na haipiti hapo hata dozi ikiongezwa. Kuanzia kiwango fulani, kuongeza vidonge hakuongezi nguvu, ila kunarefusha muda. Kwa mtu aliyezoea heroini, nusu hiyo inatosha kuzima arosto lakini haitoshi kumlewesha, na upumuaji wake haushuki kwa namna heroini na methadoni zinavyoweza kuushusha. Kinga hiyo ina mpaka: ukiichanganya na pombe nyingi au valiamu, kupumua kunaweza kukoma, na mtoto mdogo akiimeza au kuinyonya inaweza kumuua.

Sifa yake ya pili ni kung'ang'ania. Fikiria vipokezi kama viti vya daladala. Buprenofini ni abiria anayekaa na hainuki kirahisi, na akikuta mtu mwingine ameketi anamsukuma na kukaa yeye. Heroini ikija baadaye inakuta gari limejaa, inaning'inia mlangoni bila kupata nafasi.

Kidonge huwekwa chini ya ulimi na kuachwa kiyeyuke, dakika 5 hadi 10, bila kuongea wala kunywa kitu. Anayekimeza hupoteza sehemu kubwa ya dawa, kwa kuwa ini huiharibu kabla haijafika kwenye damu. Mdomo mkavu huchelewesha, kwa hiyo ni vizuri kunywa maji kidogo kabla. Dozi ya kila siku kwa walio wengi huwa kati ya miligramu 8 na 24. Ufaransa iliwaruhusu madaktari wa kawaida kuiandika tangu katikati ya miaka ya 1990, jambo ambalo kwa methadoni ni gumu, kwa sababu buprenofini inavumilia makosa zaidi.

Kwa nini naambiwa nisubiri niugue kwanza ndipo nipewe buprenofini?

Kwa sababu ya yule abiria. Ukiinywa wakati heroini bado imekaa kwenye viti, buprenofini itaisukuma yote kwa mara moja na kuweka nusu ya nguvu mahali palipokuwa na nguvu kamili. Kushuka huko kwa ghafla ni arosto kali inayokuja ndani ya saa moja au chini ya hapo, badala ya kuja polepole usiku kucha. Waliopatwa nayo mara moja huapa kwamba dawa ilikuwa sumu na hawarudi tena, na siwalaumu, maana kosa mara nyingi ni la aliyewaharakisha.

Kwa heroini, kusubiri huwa ni saa 12 hadi 24, lakini saa ya ukutani haitoshi. Mhudumu anatazama dalili zenyewe: mboni, jasho, vinyweleo, miayo, mapigo ya moyo. Zikiwa dhahiri, anatoa miligramu 2 au 4, anasubiri saa moja au mbili, na mgonjwa akipata nafuu anaongezewa. Anayetoka kwenye methadoni hushushwa kwanza hadi karibu miligramu 30 na kusubiri siku moja hadi tatu, kwa kuwa methadoni hutoka mwilini taratibu.

Naloksoni iliyomo ndani ya baadhi ya vidonge ni ya nini?

Naloksoni inazima kabisa nguvu ya afyuni. Ikiwa chini ya ulimi huingia kidogo sana kwenye damu, kwa hiyo mgonjwa anayefuata maelekezo haisikii. Mtu akisaga kidonge na kujidunga, naloksoni inaingia yote na kumharibia alichokitafuta, na akiwa na heroini mwilini inaweza kumtupa kwenye arosto. Imewekwa humo kama kufuli, haina kazi nyingine katika matibabu.

Je, mgonjwa akijidunga heroini juu ya dawa, atalewa?

Akiwa kwenye dozi inayotosha, atasikia kidogo au hatasikia kitu. Vincent Dole na Marie Nyswander, walioanzisha matibabu haya jijini New York katika miaka ya 1960, waliliona hilo mapema: wagonjwa waliojidunga heroini wakiwa kwenye dozi kubwa ya methadoni hawakupata stimu waliyoizoea. Hatari iko kwa mgonjwa anayeikasirikia hali hiyo na kuongeza kete juu ya kete akitafuta stimu isiyokuja. Stimu imezibwa kwa sehemu kubwa, lakini upumuaji wake haujalindwa kwa kiasi hichohicho.

Dawa hizi hazigusi tamaa ya pombe, kokeni, bangi wala valiamu. Familia isishangae kuona mtu ameacha unga na bado anakunywa gongo; hilo linahitaji mpango wake.

Alikuwa ametulia, mbona ameanza arosto baada ya kupewa dawa za kifua kikuu?

Rifampisini, iliyomo katika dawa za kawaida za kifua kikuu, huliamsha ini liivunje methadoni haraka. Ndani ya wiki moja au mbili mgonjwa aliyekuwa sawa kwa miligramu 80 anaamka akitokwa na jasho na kamasi, na mara nyingi hutuhumiwa kwamba amerudia unga. Efavirenzi na nevirapini, ambazo wagonjwa wa VVU walizitumia kwa miaka mingi, hufanya vivyo hivyo. Dolutegraviri haina shida hiyo. Tiba ya arosto hiyo ni kuongeza dozi ya methadoni hatua kwa hatua. Rifampisini ikiisha, ini linarudi mwendo wake wa kawaida, na dozi iliyopandishwa lazima ishushwe, la sivyo itamzidi. Kwa hiyo kila kliniki unayokwenda iambie kuhusu ile nyingine, hata kama unaona haya.

Akikosa siku mbili tatu, aendelee na dozi yake?

Siku moja au mbili, kwa kawaida ndiyo. Zikifika siku tatu, ustahimilivu umeanza kupungua na dozi hupunguzwa kabla ya kupandishwa tena. Zikifika tano au zaidi, anaanza upya kama mgonjwa mgeni. Kwa hiyo mtu aliyesafiri kwenda msibani Tanga akarudi baada ya wiki, akidai miligramu zake 100 kwa haki, anadai kitu kinachoweza kumuua, na mfamasia anayekataa anamwokoa. Afadhali kutoa taarifa ya safari mapema ili ipangwe.

Mjamzito aendelee?

Aendelee. Arosto ya ghafla inaweza kumharibu mtoto tumboni au kuleta uchungu kabla ya wakati. Miezi mitatu ya mwisho mwili wa mama huiondoa methadoni haraka zaidi, kwa hiyo dozi inaweza kuongezwa au kugawanywa asubuhi na jioni. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za arosto siku chache za mwanzo. Zinatazamwa na kutibiwa wodini, na kunyonyesha huzipunguza.

Atakunywa mpaka lini?

Kuna wanaokunywa miaka miwili, wengine kumi, na wengine hawaachi. Anayetaka kuacha hushushwa kidogokidogo kwa miezi mingi, na anayesimama njiani asionekane ameshindwa. Kufunga choo, jasho jingi na kupungua hamu ya tendo la ndoa ni madhara ya kawaida ya methadoni yanayostahili kusemwa kliniki. Kuzimia au moyo kwenda mbio bila sababu kusemwe siku hiyohiyo, kwa kuwa dozi kubwa huweza kuvuruga umeme wa moyo.

Amelala, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, na haamki. Tufanye nini?

Usimwache “amalize usingizi”. Mkoromo wa kukatikakatika, midomo ya rangi ya majivu au bluu, na pumzi zinazopishana kwa sekunde nyingi ni dalili kwamba dawa imemzidi. Mwite kwa nguvu, sugua mfupa wa kifua kwa ngumi. Asipoamka, mpelekeni hospitali mara moja. Akiwa anapumua mlazeni ubavu. Akiwa hapumui mpulizieni pumzi mdomoni njiani. Hospitalini atadungwa naloksoni na anaweza kuamka ndani ya dakika chache, akiwa na hasira na akitaka kurudi nyumbani. Msimruhusu. Naloksoni inaisha baada ya dakika 30 hadi 90, na methadoni iliyomlaza itakuwa bado imo mwilini kesho yake.